Picha ya ngozi uliyotuma kwa simu: maswali na majibu

Jibu la picha niliamini kiasi gani?

Lichukue kuwa makisio ya kwanza. Picha huonyesha rangi, umbo na mahali; haionyeshi joto, ugumu wala ganzi. Baka la ukoma laweza kufanana pichani na la fangasi, ilhali ukiligusa kwa pamba, mgonjwa hahisi kitu. Hata choa huthibitishwa kwa kukwangua magamba na kuyatazama kwa hadubini.

Na ngozi nyeusi?

Tahadhari zaidi. Wekundu huonekana zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, au usionekane kabisa, na kamera ya simu hubadilisha rangi yenyewe. Programu nyingi zinazotaja ugonjwa kwa picha zimefunzwa zaidi kwa ngozi nyeupe. Ikikwambia "salama", usiahirishe safari ya hospitali kwa sababu hiyo.

Nipigeje?

Mchana, kando ya dirisha, bila flashi wala filta, kabla hujapaka chochote. Piga 3: ya kiungo kizima, ya karibu kutoka sentimita 20 hivi, rula ikiwa kando, na ya ubavuni kuonyesha mwinuko. Kwenye WhatsApp itume kama faili isibanwe. Taja baka limeanza lini, linawasha au linauma, na kila ulichopaka. Tafadhali usifiche mkorogo wala krimu ya betamethazoni. Steroidi iliyomo humo hupunguza muwasho na kufuta ukingo wa choa huku fangasi ikizidi kuenea, na hapo hata daktari hupotezwa.

Lini niende hata kama picha imesema si kitu?

Leo hii, hata usiku:
- Ngozi inachubuka au ina malengelenge, pamoja na vidonda mdomoni au macho kuuma, hasa ndani ya wiki 8 tangu uanze Septrini, nevirapini, kabamazepini au alopurinoli. Nenda na dawa zenyewe.
- Homa na madoa yasiyofifia ukiyakandamiza kwa glasi. Kwa ngozi nyeusi tazama viganja, nyayo na ndani ya kope.
- Uso au ulimi kuvimba, au pumzi kubana.
- Uvimbe wenye joto unaosambaa. Chora ukingo wake kwa kalamu. Ukivuka mstari, ondoka.
- Kichanga mwenye malengelenge au usaha.

Ndani ya wiki hii: kidonda kilichokaa wiki 4 bila kupona, baka lenye ganzi, vinundu vya zambarau, au doa jeusi linalobadilika kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha. Huko ndiko melanoma, aina ya saratani ya ngozi, hutokea zaidi kwa watu weusi, na ndiko watu husahau kupiga picha. Mwenye ualbino asisubiri hizo wiki 4: gamba gumu au kidonda usoni, masikioni au shingoni kionwe mapema, kingali kidogo cha kukatwa chote.

Nimeambiwa ni choa, napaka klotrimazoli mara 2 kwa siku, hakuna nafuu.

Baada ya wiki 2 usitume picha nyingine. Nenda ukakwanguliwe upimwe. Kikiwa kichwani, usisubiri hata hizo 2: krimu haifiki kwenye mizizi ya nywele, huhitaji vidonge.