Taarifa ya Mtahini: Uhasibu wa Gharama, Swali la 4 – Uchambuzi wa Tofauti

Swali lilihusu kiwanda cha sabuni ya mche. Kwa gharama sanifu, katoni moja huhitaji kilo 8 za mafuta ya mawese kwa Sh 3,500 kila kilo, saa 1.5 za kazi kwa Sh 2,400 kila saa, na Sh 6,000 za gharama za kudumu za uendeshaji. Bajeti ya mwezi ilikuwa katoni 5,000. Zilizotengenezwa ni 4,600. Sehemu (a), alama 14, ilitaka tofauti za malighafi, nguvukazi na gharama za kudumu. Sehemu (b), alama 6, ilitaka maelezo ya sababu zake kwa meneja wa uzalishaji.

Kosa lililogharimu alama nyingi kuliko yote ni kupima matumizi kwa uzalishaji wa bajeti. Kiwanda kilitumia kilo 38,000 za mafuta. Wengi walichukua 5,000 × 8 = kilo 40,000, wakaona kilo 2,000 zimeokolewa, wakaandika tofauti nzuri ya Sh 7,000,000. Lakini katoni 400 hazikutengenezwa kabisa, kwa hiyo mafuta yake hayawezi kuitwa akiba. Kipimo sahihi ni 4,600 × 8 = kilo 36,800. Zilizidi kilo 1,200, na tofauti ya matumizi ni mbaya kwa Sh 4,200,000. Meneja akipewa jibu la kwanza atawapongeza watu wa chumba cha kuchemshia huku mafuta yakiendelea kupotea. Mtahiniwa aanze swali lolote la aina hii kwa kuandika uzalishaji halisi juu ya ukurasa, kabla ya hesabu nyingine.

Tofauti ya bei ya malighafi ilifanywa vizuri kiasi. Zilinunuliwa kilo 40,000 kwa Sh 146,000,000, na swali lilisema wazi kwamba mafuta ghalani hutunzwa kwa bei sanifu. Hivyo tofauti hupimwa kwa kilo zilizonunuliwa: mbaya kwa Sh 6,000,000. Waliotumia kilo 38,000 walipata Sh 5,700,000. Sentensi hiyo ya swali iliwapita.

Kwenye nguvukazi, zililipwa saa 7,200 kwa Sh 18,360,000, na saa 400 kati ya hizo zilipotea umeme ulipokatika. Tofauti ya kiwango cha malipo, mbaya kwa Sh 1,080,000, wengi waliipata. Baada ya hapo walichanganya muda uliopotea na ufanisi, wakaandika tofauti moja mbaya ya Sh 720,000, kisha katika sehemu (b) wakawalaumu wafanyakazi kwa uzembe. Ukitenganisha, saa zilizofanyiwa kazi ni 6,800 dhidi ya saa sanifu 6,900, yaani ufanisi ni mzuri kwa Sh 240,000. Muda uliopotea ndio mbaya, kwa Sh 960,000. Wafanyakazi walifanya kazi haraka kuliko kiwango. Kuwatwisha lawama ya umeme ni kuwaonea, na katika kiwanda halisi taarifa kama hiyo huweza kumfukuzisha mtu kazi.

Gharama halisi za kudumu zilikuwa Sh 31,200,000 dhidi ya bajeti ya Sh 30,000,000. Tofauti ya matumizi ya fedha ni mbaya kwa Sh 1,200,000, na ya kiasi cha uzalishaji ni mbaya kwa Sh 2,400,000. Baadhi waliirekebisha bajeti ya gharama za kudumu kufuata katoni 4,600, wakapata Sh 3,600,000 na kuiita tofauti ya matumizi ya fedha, kisha wakaongeza Sh 2,400,000 juu yake. Sh 3,600,000 ni jumla ya tofauti zote mbili. Upungufu wa kiasi ulikuwa tayari umo ndani, wakauhesabu mara ya pili.

Sehemu (b) ilisikitisha zaidi. Majibu mengi yalikuwa ya kukariri: «ofisa ununuzi alinunua malighafi ya bei rahisi isiyo na ubora.» Lakini mafuta haya yalinunuliwa kwa Sh 3,650, ghali kuliko sanifu! Swali lilieleza kwamba msambazaji wa kawaida alishindwa kuleta mzigo, ukatafutwa mwingine kwa dharura, na mafuta yake yalikuwa na maji. Ghali na mabovu kwa pamoja: hapo ndipo bei na matumizi vinapoungana. Sabuni iliyokuwa jikoni umeme ulipokatika ilimwagwa pia, na waliotambua kwamba sehemu ya zile kilo 1,200 ilipotea hivyo walipata alama kamili. Kuandika tu «tofauti ni mbaya kwa sababu tulitumia zaidi» hakukupewa alama, kwa kuwa ni kurudia hesabu kwa maneno.

Aliyekosea tarakimu katika (a) lakini akaieleza kwa mantiki katika (b) hakuadhibiwa mara mbili, mradi njia ya hesabu ilionekana. Walioandika jibu tupu, bila njia na bila kutaja kama tofauti ni nzuri au mbaya, hawakuwa na chochote cha kusahihishiwa.