Yah: CV mpya na mshahara ninaoutarajia – Mhasibu Mwandamizi, Kurasini

Bi. Rehema, habari za kazi.

Nashukuru kwa barua pepe yako ya jana, na kwa muda ulioutumia kunieleza nafasi hii kwenye simu. Bado naitaka. CV nimeiambatanisha, faili linaitwa Upendo_Mlawa_CV.pdf. Ile uliyonayo naomba uiondoe kabisa kwenye kumbukumbu zenu, maana ni ya kabla sijapandishwa cheo na bado inanionyesha kama mhasibu msaidizi.

Hii mpya ina kurasa mbili. Nimeondoa shule ya msingi na zile semina za siku moja, nafasi yake nikaipa kazi ya malori, kwa kuwa ndiyo mteja wako anayoitafuta. Ukipata dakika tano za kumweleza habari zangu, naomba uanzie hapo. Ninasimamia hesabu za magari yanayotoka Dar kwenda Lusaka na Lubumbashi. Dereva anaondoka na masurufu ya njiani, akirudi ananiletea bahasha ya risiti: nyingine za kwacha, nyingine za dola, nyingine wino umeshafutika kwa jua la kwenye dashibodi. Kila safari ina karatasi yake yenye lita zilizowekwa, kilomita zilizosomwa, ushuru wa barabara, na maegesho ya Tunduma na Kasumbalesa. Fedha isiyo na risiti inabaki kwenye jina la dereva mpaka aieleze, na safari inayofuata hapewi masurufu mapya kabla hajafunga yale ya zamani. Madereva walinung'unika mwanzoni. Zamani masurufu yasiyorejeshwa yalikuwa yanavuka mwaka na kuwa hoja ya ukaguzi kila mara; ukaguzi uliopita hoja hiyo haikuwepo.

CPA(T) ninayo, na uanachama wangu NBAA uko hai. Kuhusu mfumo, usinitangaze kama mtaalamu wa Sage. Kazini nimetumia Tally. Sage naifahamu kwa mafunzo tu, na nadhani mwezi mmoja unatosha kuizoea, lakini ni vizuri mteja ayajue haya sasa kuliko kuyagundua nikiwa nimeshakaa kwenye kiti.

Sasa mshahara. Naomba 4,200,000 kwa mwezi kabla ya makato. Ulisema mteja hupanga bajeti yake kwa dola. Mimi nataja shilingi, kwa sababu kodi ya nyumba na ada za watoto nalipa kwa shilingi, na sipendi mshahara wangu uwe unapanda na kushuka na dola.

Najua ukisikia milioni nne na laki mbili inaonekana nyingi, kwa hiyo nakuwekea hesabu yenyewe uwe nayo utakapoongea naye. NSSF asilimia 10 ni 420,000. Inabaki 3,780,000 ya kutozwa kodi, na PAYE yake ni 962,000. Bado nadaiwa na HESLB, nao wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Msingi ukiwa 3,600,000 hiyo ni 540,000. Kinachofika benki ni 2,278,000. Ndiyo maana nakuomba usikubali akutajie kiasi kimoja tu bila kusema ni kabla au baada ya makato. Tofauti ni karibu nusu ya mshahara wenyewe.

Umeona nimeandika msingi 3,600,000. Hapo sitegemei kulegeza sana. Najua waajiri wanaopenda kuweka msingi mdogo kisha kujaza posho juu yake, na kwa mwezi hadi mwezi mfanyakazi anaweza hata kufurahi, kwa sababu makato ya HESLB yanapungua. Lakini likizo na kiinua mgongo vinahesabiwa kwenye msingi. Sheria inataja siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, na siku 7 za msingi mdogo ni fedha kidogo. Afadhali HESLB wanikate zaidi sasa, deni liishe mapema.

Kwenye jumla ndiko tunaweza kuzungumza. Kama mteja ana bima ya afya ya familia (mimi, mume na watoto wawili) na usafiri wa kazini, niko tayari kushuka hadi 3,800,000. Chini ya hapo, kusema kweli, hainifai kuhama. Naishi Goba, na Goba hadi Kurasini ni kuvuka jiji zima, tena kwenye barabara ambayo na hayo malori yake yanapita. Kama usafiri hana ila anaruhusu kuingia saa moja asubuhi na kutoka saa kumi, hilo nalo lina thamani kwangu, muulize.

Slipu ya mshahara wa sasa sitaituma katika hatua hii. Ninacholipwa leo kilipangwa kwa cheo na majukumu mengine, na sitaki mazungumzo yaanzie hapo na kuongezewa asilimia fulani. Tupime kazi anayotaka ifanywe na bei yake. Akishatoa barua ya ajira na akahitaji slipu kwa ajili ya taratibu zake za ndani, nitampa.

Wadhamini sikuwaweka kwenye CV kwa makusudi. Mmoja wao ni bosi wangu wa sasa, na hajui chochote. Wenye malori hapa mjini wanajuana, wanakutana bandarini, wanaazimana hata matela. Kwa hiyo naomba jina langu lisitajwe kwa mteja mpaka akubali kuniona kwa usaili, na hata akikubali asipige simu kazini kwangu "kuuliza kidogo". Majina ya wadhamini wawili ambao si wa ofisi hii nitakutumia siku hiyo hiyo nitakapoitwa. Kama CV yangu utaipeleka kwa mteja mwingine yeyote zaidi ya huyu, niulize kwanza.

Kuhusu muda: mkataba wangu unanitaka nitoe notisi ya mwezi mmoja. Wakaguzi wako ofisini sasa na wanatarajia kumaliza mwishoni mwa Machi, na sitaondoka wakiwa katikati ya vitabu vyangu. Kwa hiyo notisi naweza kuitoa mwanzoni mwa Aprili na kuanza kazi kwa mteja wiki ya kwanza ya Mei. Akitaka mtu wa kesho asubuhi, huyo si mimi, na bora tuambiane mapema.

Kwa usaili, jioni yoyote baada ya saa kumi na moja nipo, na Jumamosi asubuhi pia. Tarehe 7 tunapeleka PAYE na tarehe 20 ni marejesho ya VAT, kwa hiyo siku mbili tatu za kabla ya hizo usiniwekee kitu. Kwa simu nipate saa ya chakula, saa saba hadi saa nane. Wakati mwingine niandikie ujumbe tu, maana meza yangu inatazamana na ya bosi.

Swali langu moja kwako: huyu mhasibu anayeondoka, anaondoka kwa nini? Kwenye simu ulilipita haraka. Nikijua hilo kabla ya usaili nitajiandaa vizuri zaidi.

Asante sana, na kazi njema.

Upendo Mlawa, CPA(T)
Dar es Salaam