Barua kwa Sheikh kuhusu mwanangu Idrisa

Majengo, Pumwani,
Nairobi.
Mwezi wa Shaabani, 1447

Kwa Sheikh wetu, Imamu wa msikiti.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Natumai barua hii itakufikia ukiwa na afya njema, wewe na Bi Mkubwa na watoto. Nimeona nikuandikie badala ya kuja kukusimamisha baada ya sala, kwa sababu pale barazani hapakosi watu, na jambo nililo nalo ni la kusitiriwa. Linamhusu mwanangu Idrisa, ambaye wewe mwenyewe ulimsomesha madrasa tangu alifu hadi akakhitimu, na ambaye watu wa mtaa huu walizoea kumsikia akisoma Maulidi kila Mfungo Sita.

Idrisa sasa ana miaka 27. Anafanya kazi ya kuandika programu za kompyuta katika kampuni moja huko Kilimani, amepanga nyumba Donholm, na hunijia karibu kila Jumapili na kunisaidia kwa kila ninachohitaji. Karo ya mdogo wake huilipa yeye. Nayaeleza haya mwanzo, Sheikh, ili usije ukadhani kwamba nakuletea habari za kijana aliyepotoka tabia. Hanywi, hadhulumu mtu, na hajawahi kuniinulia sauti. Lakini haswali tena. Alianza kwa kuacha sala ya jamaa, kisha Ijumaa zikawa zinampita, na Ramadhani iliyopita alifunga siku za mwanzo tu, kisha akaacha. Nilipomuuliza, alinijibu kwa adabu kwamba angeweza kuja hapa akatandaza msala mbele yangu ili moyo wangu utulie, ila asingekuwa na nia yoyote ndani yake, na akaniambia, "Mama, sitaki kukudanganya wewe na kumdanganya Mungu kwa pamoja."

Maneno yale yaliniuma, lakini nimeyatafakari sana na naona ndani yake limo jambo la kushukuru. Wako vijana wengi wanaosimama safu ya mbele ili wazazi wao wawaone, na nyoyo zao haziko pale. Huyu wangu amekataa unafiki. Kijana ambaye bado anaona haya kumdanganya Mola wake, mimi siamini kwamba ameshamkana Mola huyo, na hili ndilo ninalotaka ulipime kwa elimu yako kabla watu wengine hawajalitolea hukumu.

Chanzo chake nakijua. Marehemu baba yake, kama unavyokumbuka, aliugua figo kwa muda mrefu, na alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Aliyekuwa akimpeleka ni Idrisa. Alikuwa akikaa kwenye benchi la ukumbini, nje ya chumba cha mashine, na msahafu mdogo mkononi, akisoma Yasini hadi baba yake atoke. Aliomba dua kwa yakini ya mtoto, akaamini kwamba baba yake atapona. Baada ya maziko, tukiwa bado kwenye matanga, mtu mmoja mzima, ambaye sitamtaja, alisema mbele yake kwamba maradhi yanayomkaa mtu muda mrefu namna ile huwa ni malipo ya madhambi ambayo hajayatubia. Idrisa alimuuliza ni dhambi gani ya baba yake aliyoijua. Jibu alilopewa ni kwamba kuuliza hivyo ni kuingia katika kufuru, na kwamba anyamaze.

Amenyamaza kweli, Sheikh, na kunyamaza kwake ndiko huku tunakokuona. Mimi si mwanachuoni, lakini hata mimi najua hadithi sahihi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba Muislamu hapatwi na uchovu wala maradhi wala huzuni, hata mwiba unaomchoma, ila Mwenyezi Mungu humfutia kwa hayo sehemu ya makosa yake. Lau mtu yule angelisema hivyo, mwanangu angeliondoka pale na faraja. Aliondoka akiwa amebeba swali moja tu, nalo ni kwa nini dua zake hazikukubaliwa, na swali hilo limezaa mengine ambayo mimi siwezi kuyajibu: kwa nini watoto wadogo waugue, vipi mtu ahesabiwe kwa jambo ambalo limekwisha kuandikwa, na kama ibada inayotoka kwenye hofu peke yake ni ibada.

Nimemwambia kwamba Nabii Ibrahimu naye aliuliza. Alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyohuisha wafu, na alipoulizwa kama haamini, alisema anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Iko katika Suratul Baqara, aya ya 260. Idrisa alisikiliza, kisha akasema kwamba Ibrahimu alijibiwa. Hapo nilifika mwisho wa elimu yangu, na ndipo nilipokukumbuka wewe.

Sasa liko jambo ambalo limefanya nisiweze kungoja zaidi. Dada yake Idrisa, Mwanaisha, ameposwa, na tumekubaliana na watu wa upande wa mume kwamba nikaha iwe Mfungo Mosi, inshallah. Baba yao hayupo, na babu yao mzaa baba alitangulia zamani, kwa hiyo walii wake kwa mpango wa madhehebu yetu ya Shafii ni Idrisa, ndugu yake wa baba na mama, kwani mdogo wao bado hajabaleghe. Shemeji yangu, ami yao, amesema waziwazi kwamba Idrisa ametoka katika dini, kwamba mtu aliyetoka katika dini hawezi kumwoza Muislamu, na kwamba uwalii umeshamfikia yeye. Ameongeza kuwa Idrisa akikaa mbele ya anayefungisha ndoa, yeye atasimama apinge, na ikibidi atakwenda mahakama ya Kadhi. Pia ametaka nimzuie asije kufuturu nyumbani kwangu mwezi huu unaokuja.

Sina ugomvi na shemeji yangu. Alitusimamia tulipofiwa, na najua kwamba analosema linatokana na uchungu wa ndugu yake, ambaye anaona jina lake linaharibika. Hata hivyo, nilivyofundishwa ni kwamba kwa Imamu Shafii anayeiacha sala kwa uvivu, huku akikubali kwamba ni wajibu, ni mwenye dhambi kubwa lakini hatoki katika Uislamu, na kwamba anayetoka ni yule anayeupinga wajibu wenyewe. Nasikia pia kwamba wanavyuoni wamehitilafiana kuhusu uwalii wa fasiki. Idrisa yuko upande gani, si mimi wa kusema, kwa sababu mama hawezi kuwa shahidi na hakimu wa mwanawe. Na kwa maoni yangu si ami yake wa kusema pia, kwa sababu hajawahi hata mara moja kukaa naye akamuuliza anaamini nini. Mwanaisha analia usiku. Anataka kaka yake ndiye amwoze, na wakati huohuo anaogopa ndoa yake isije kuwa na dosari ambayo itamfuata yeye na watoto wake. Tukiambiwa na wewe, baada ya kumsikiliza Idrisa, kwamba uwalii umemtoka, tutatii sote, na yeye mwenyewe ameniambia atatii, kwa sababu hataki kuiharibu ndoa ya dada yake.

Kwa hiyo naomba ukae na Idrisa, nyinyi wawili tu. Asikute jopo la wazee wala ami yake. Nimemuuliza kama atakubali, akasema kwako atakuja, kwa kuwa hujawahi kumcheka alipokosea kusoma, na kwa kuwa ulipokuwa hujui jambo ulikuwa ukisema "Allahu aalam" mbele ya watoto bila kuona aibu. Nakuomba usianze na suala la uwalii. Anza na baba yake. Akimaliza kusema yaliyomo moyoni, ndipo umuulize hayo mengine.

Unaijua kuliko mimi habari ya yule kijana aliyemjia Mtume kumwomba ruhusa ya kuzini. Watu waliokuwapo walimkemea, lakini Mtume alimwambia asogee, akamuuliza kama angelipenda jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kisha akamwekea mkono na kumwombea. Ombi la kijana yule lilikuwa baya kuliko swali lolote la mwanangu, na hakufukuzwa. Na Mwenyezi Mungu amemwambia Mtume wake katika Aal Imran kwamba lau angelikuwa mkali mwenye moyo mgumu, watu wangelimkimbia. Idrisa ameshakimbizwa mara moja.

Naomba pia jina lake lisifike kwenye hotuba, wala kwa mfano wa "kijana mmoja wa mtaa wetu", kwa sababu Majengo ni padogo na kila mtu atajua. Na kama unaweza, wazuie kwa upole vijana wa msikitini wanaomtumia kwenye Watsapu rekodi za adhabu ya kaburi. Najua wana nia njema, lakini kila inapoingia moja ya rekodi hizo yeye huchelewa zaidi kuja nyumbani, na mimi namhitaji aje.

Kuhusu kufuturu, nimeshamjibu shemeji yangu kwamba mlango wa nyumba ya baba yake hautafungwa kwa Idrisa. Lakini nataka mwongozo wako katika jambo moja. Mdogo wake, Salim, ana miaka 13 na anamfuata kaka yake kwa kila kitu, hata namna ya kutembea. Sitaki Salim aone kwamba kufunga na kutofunga ni mamoja, na sitaki pia ajifunze kumdharau kaka yake. Idrisa ameniahidi kwamba hatakula mchana mbele yake. Je, hilo linatosha, au kuna lingine ambalo napaswa kumwambia mtoto huyu anapouliza kwa nini kaka yake haendi tarawehi? Ameshaniuliza mara moja, nikamwambia tumwombee dua.

Najua kwamba uongofu hauko mikononi mwako wala mwangu. Nabii Nuhu alimwita mwanawe apande naye jahazini na mwana akakataa. Sikutwishi mzigo wa kumrudisha. Ninachokuomba ni kwamba apate kusikilizwa na mtu mwenye elimu, na majibu yake yawe ya elimu, halafu yaliyobaki tumwachie Mwenyewe.

Idrisa hana kazi siku za Jumamosi na Jumapili. Amesema yuko tayari kuja chumba chako cha darsa Jumamosi yoyote baada ya Alasiri, kabla ya Ramadhani kuingia, au wewe uchague mahali pengine. Barua hii ataileta Salim na atasubiri jibu. Ukiona vyema kumpa siku kwa mdomo, atanifikishia. Jambo la uwalii nimemwomba shemeji yangu asilizungumze tena mpaka tusikie kutoka kwako, naye amekubali kwa sharti kwamba iwe kabla ya mwezi kuandama.

Mwenyezi Mungu akulipe kheri kwa yote uliyotufanyia, na akuhifadhi wewe na kizazi chako.

Wassalaam,

Mama Idrisa