Utaratibu wa Chelezo na Urejeshaji wa Seva: Ofisi ya Uhasibu, Morogoro

Kila siku saa 2 usiku, hifadhidata ya wateja hutolewa kwanza kwenye faili moja, kwa kuwa kunakili hifadhidata inayoendelea kuandikwa huweza kuzaa nakala mbovu. Kisha faili hilo na mafaili ya kodi hunakiliwa kwenye diski ya nje. Diski ni mbili na hubadilishwa kila Ijumaa, na inayotoka hufungiwa katika sefu ya tawi la Kihonda, ili moto au wizi usichukue seva na chelezo kwa pamoja. Nywila ya chelezo imo katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, kwa mkurugenzi. Bila nywila hiyo chelezo haifunguki kabisa.

Seva ikiharibika, fundi asiandike chochote kwenye diski yake. Atumie kompyuta ya akiba:

```
restic -r /mnt/chelezo check
restic -r /mnt/chelezo restore latest --target /srv/rejesha
```

Mhasibu mkuu athibitishe salio za wateja kabla ya wafanyakazi kuruhusiwa kuingia.

Kumbukumbu za majaribio ya urejeshaji

7 Februari 2025: Mafaili yote yalirejea, lakini hifadhidata ilikataa kufunguka kwa sababu toleo la programu kwenye kompyuta ya akiba lilikuwa la zamani. Jaribio limehesabiwa kuwa limeshindwa. Programu imesasishwa.

9 Mei 2025: Hifadhidata ilifunguka na salio zililingana na za seva. Muda: saa 3 na dakika 10. Limefaulu, wamesaini fundi na mhasibu mkuu.