Karibuni Kasimile: Nazi Imekunwa Leo, Samaki Ameshushwa Leo

Mkahawa mpya wa mapishi ya mwambao
Barabara ya 8, Ngamiani, Tanga
Tunafungua milango Jumamosi, tarehe 6 Juni 2026, saa 1 asubuhi

Kasimile ni tui la kwanza, lile zito linalokamuliwa kabla machicha hayajatiwa maji ya pili, na ndilo linalomaliza mchuzi ukiwa tayari kuepuliwa. Mkahawa wetu umechukua jina hilo kwa sababu kila tunachopika kinalitegemea. Kila alfajiri nazi za Pangani hukunwa kwa mbuzi katika ua wetu wa nyuma, hukamuliwa kwa mkono na kuchujwa kwa kifumbu, na tui linalobaki jioni halilali kwa ajili ya kesho. Mgeni anayependa kuiona kazi hiyo anakaribishwa uani kabla ya saa 3 asubuhi, naye atapewa kikombe cha chai akiwa anatazama.

ASUBUHI, SAA 1 HADI SAA 5

Mbaazi za nazi kwa maandazi, sh. 2,500
Mbaazi hulowekwa usiku kucha na kuchemshwa taratibu hadi zilainike bila kupasuka, kisha hutiwa tui jepesi, kitunguu na pilipili mbichi nzima, na mwisho kabisa kasimile. Maandazi yake yana iliki iliyotwangwa asubuhi hiyohiyo, na huletwa mezani yakiwa bado yamefura.

Vitumbua, sh. 300 kimoja
Mchele uliolowekwa husagwa pamoja na tui, huumuliwa kwa hamira, kisha humiminwa kwenye kikaango cha vitumbua juu ya moto wa mkaa. Ukingo wake huwa mkavu na mwekundu, na katikati huwa laini kama sponji.

Supu ya pweza, sh. 4,000
Ni bakuli moja yenye ndimu, pilipili manga na vipande vya pweza aliyepondwa vizuri kabla ya kupikwa, ili meno yasihangaike.

MCHANA NA JIONI, SAA 6 MCHANA HADI SAA 4 USIKU

Changu wa kupaka, sh. 12,000
Hiki ndicho chakula tunachojivunia kuliko vyote, na tunamwomba mgeni anayefika kwa mara ya kwanza aanze nacho. Changu mzima hupasuliwa, hupakwa ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na chumvi, akaachwa kwa muda wa saa moja, kisha huchomwa juu ya mkaa hadi ngozi ianze kukauka. Wakati huo kasimile huwa jikoni, ikikorogwa bila kuachwa pamoja na bizari na pilipili hadi iwe nzito ya kushika kijiko. Samaki hupakwa rojo hilo upande mmoja, hugeuzwa, hupakwa upande wa pili, na kila anapogeuzwa matone ya tui huangukia makaa na moshi wake humrudia nyamani. Kazi hiyo huchukua takriban dakika 40, kwa hiyo tunakusihi uagize mapema na ujiburudishe kwa kinywaji wakati tunakuandalia.

Wali wa nazi kwa mchuzi wa nguru, sh. 8,000
Mchele wetu unatoka Mombo, katika mashamba yanayomwagiliwa chini ya milima ya Usambara. Hupikwa kwa tui, hupaliliwa makaa juu na chini, na kila punje husimama peke yake. Mchuzi wa nguru una ukwaju badala ya ndimu, jambo linaloupa uchachu mpole usiofunika ladha ya samaki. Anayependa ukoko amwambie mhudumu mapema, kwa kuwa hutolewa bure na huisha haraka.

Bada la muhogo, mchunga na ng'onda, sh. 6,000
Hakuna mkahawa wa Tanga unaostahili kuitwa wa Tanga ukiliacha bada. Unga wa muhogo husongwa ukawa laini na wenye kuvutika, huletwa pamoja na mchunga uliochemshwa mpaka uchungu wake ukapungua bila kutoweka, ukatiwa nazi, na samaki mkavu aliyechomwa kidogo kabla ya kuungwa. Waliolelewa katika mji huu watakijua chakula hiki kwa harufu tu, na wageni kutoka mbali tunawashauri wakile kwa mkono.

Pilau ya ng'ombe, sh. 7,000
Bizari nyembamba, pilipili manga, mdalasini, iliki na karafuu hukaangwa nzima pamoja na vitunguu vilivyoiva hadi kuwa rangi ya kahawia. Huletwa na kachumbari pamoja na ndizi mbivu moja.

Biriani ya kuku, Ijumaa pekee, sh. 10,000
Wali na masala hupikwa katika vyungu tofauti na hukutana kwenye sahani yako. Masala yake ya mtindi, nyanya na vitunguu vya kukaanga huanza kupikwa alfajiri, na tunapika kiasi cha siku hiyo tu.

Mboga za Lushoto kwa nazi, sh. 5,000
Karoti, kabichi na viazi kutoka milimani hupikwa kwa tui jepesi, kwa ajili ya wasiokula nyama wala samaki.

VINYWAJI NA VITAMU

Juni ni msimu wa machungwa ya Muheza, nasi tunayakamua mbele yako bila kuongeza sukari wala maji, kwa sh. 2,000 kwa glasi. Juisi ya ukwaju ni sh. 1,500, na dafu baridi ni sh. 1,500 pia. Chai yetu ni ya Usambara, ya rangi au ya maziwa, na tangawizi yake husagwa papo hapo.

Kuanzia saa 10 jioni birika la kahawa huwekwa barazani juu ya makaa. Kahawa hiyo ni chungu, hunywewa kwa vikombe vidogo na kashata ya nazi pembeni, na baraza ni ya wote, hata kwa asiyeagiza chakula. Atakayetaka kitu kitamu baada ya mlo tunampendekezea ndizi mzuzu zilizopikwa kwa kasimile, sukari na iliki, kwa sh. 3,000.

KABLA HUJAAGIZA

Tunanunua samaki asubuhi kutoka kwa wavuvi wa hapa Tanga, na huu ni wakati wa kusi, ambapo bahari huchafuka na ngalawa nyingine hazitoki. Siku ambayo changu hakupatikana, ubao huu utaandikwa samaki aliyepatikana, na bei yake itaandikwa kando ya jina lake. Tafadhali mweleze mhudumu iwapo wewe au mtoto wako ana mzio wa samaki, karanga au maziwa, ili jikoni watenge chungu na mwiko. Pilipili huletwa pembeni pamoja na achari ya embe, kila mtu atie kwa kadiri yake. Malipo hupokelewa kwa fedha taslimu au kwa simu.

Siku ya ufunguzi kila mgeni atapokewa kwa glasi ya juisi ya ukwaju bila malipo, na wazee wetu wametengewa viti vya barazani penye upepo. Maji ya kunawa yatakufuata ulipoketi.