Mpango wa semina ya walimu: ditekta za AI kabla hatujagusa maksi za mtu

Jumatano baada ya vipindi, maktaba, saa 9 hadi saa 10 na nusu. Walimu wote, na wa hesabu msijifiche, ripoti za miradi nazo mnazipitisha huko huko. Kila mtu aje na laptopu au simu na kipande cha maandishi yake mwenyewe cha kabla ya 2022, barua au ripoti, ilimradi yafike maneno 300. Kazi za wanafunzi TUSIZIPACHIKE, ni zao si zetu.

Saa 9:00, zoezi kwanza, maneno baadaye. Pachika maandishi yako kwenye ditekta mbili tofauti, yaani programu zinazokisia kama maandishi ni ya AI au ya mtu, namba zote mbili andika ubaoni. Mimi nilijaribu na barua yangu ya kuomba kazi, moja ikanipa 4% nyingine 62%, barua ile ile hata nukta sijagusa.

Saa 9:20, inafanyaje kazi. Nitaandika "maji yakimwagika" mtamalizia wenyewe. Basi ndo hivyo, ditekta inapima neno linalofuata linatabirika kiasi gani na sentensi zinapishana urefu vipi, haijui nani alikaa kwenye kiti. Mtoto anayeandika kwa lugha ya pili, msamiati mdogo, sentensi tulizomkaririsha sisi wenyewe, anaonekana mashine. Watafiti wa Stanford 2023 walipitisha insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wasiozaliwa nacho, kwenye ditekta 7, kwa wastani zaidi ya nusu zikaitwa za AI na zote zilikuwa za watu. OpenAI, wenye ChatGPT, nao walitoa ya kwao Januari 2023, ilikamata 26% tu ya maandishi ya AI na kusingizia 9% ya watu, Julai wakaiondoa.

Kwa haki ya ditekta, maandishi ya AI yaliyokopiwa yakabandikwa bila kuguswa mara nyingi inayanusa. Ila yakibadilishwa maneno kidogo yanapita. Na 78% kwa baadhi ya hizi si uhakika wa 78% kwamba kaiba, ni sehemu ya maandishi inayoishuku.

Saa 9:45, hesabu (naomba mtu wa hesabu aje mbele). Wanafunzi 200, kila mmoja insha 10 kwa mwaka, zote safi. Ditekta ikikosea 1% tu, insha 20 zinasingiziwa. Tutaje nani anaenda kumwita mzazi kwa hizo 20.

Saa 10:00, wawili wawili, mmoja mwalimu mmoja mwanafunzi aliyepata 78%. Neno "mashine imesema" ni marufuku. Unaweza kuomba rasimu, historia ya faili, akueleze aya ya pili kwa mdomo, mlinganishe na alichoandika darasani. Halafu mnabadilishana, wa mwalimu awe mwanafunzi, hapo ndo patamu.

Saa 10:20 tunakubaliana kwa kunyoosha mikono: hakuna kukata maksi kwa skoa peke yake, na kesi yoyote inasikilizwa na walimu wawili. Mliokwisha kata muhula huu leteni majina kwangu kimya kimya, tutazipitia upya Alhamisi.