Komenti za wateja nimezisoma zote, matokeo haya hapa

Dada habari za jioni, mama shikamoo, na nyie wa jikoni na vijana wa boda mambo vipi. Zile komenti za wateja wetu wa chakula nimemaliza jana usiku macho yamenitoka. Naandika hapa kwenye grupu ili kila mtu asome mwenyewe, maana mkisimuliana ndo yale ya "wateja wote wanalalamika" na sio kweli.

Jumla zilikuwa 187 za hizi wiki tatu, 96 za ile fomu, 58 za Insta na 33 za wasap. Nimetoa 45: 21 ni makopakopa na "hongereni" tu, 15 ni watu wanauliza bei na mko wapi, 9 ni watu walewale wamerudia. Zimebaki 142 zenye maneno ya maana, na kila namba nitakayotaja ni kati ya hizo 142 nisipotaja kingine. Halafu mtu mmoja anaweza kusifia na kulalamika humohumo, nimemhesabu pande zote mbili, kwa hiyo usijumlishe dada ukaniambia hesabu imezidi 🙂

Kinachotajwa kuliko vyote ni utamu. Watu 68, karibu nusu. Pilau ya Ijumaa na maharage ya nazi ndo vinaongoza, wali wenyewe hakuna aliyeusema vibaya hata mmoja. Mama hapo hakuna cha kuongeza, kuna mmoja kaandika "nimeoa lakini maharage nakula kwenu", huyo sijui mkewe kaiona hiyo komenti.

Kinachofuata ni kuchelewa, 59. Sasa hapa naomba msome taratibu kwa sababu nami mwanzoni nilishtuka nikasema tumekwisha, ila nilivyozigawa kwa maeneo picha ikabadilika kabisa. Kwenye fomu tunajua mtu yuko wapi kwa sababu tuliuliza. Kati ya fomu 84 zilizobaki, 51 ni za Posta na Kariakoo (ni kwa sababu dada uliituma kwenye magrupu ya maofisi ya kule), na 38 kati ya hao 51 wanalia na muda. Yaani watatu kwa kila wanne. Huku kwetu Sinza, Mwenge na Mikocheni walijaza 33 na waliosema tunachelewa ni 6 tu. Insta ni 6 na wasap 9, hao sijui wako wapi wengi wao. Kwa hiyo ukisema "wateja wanasema tunachelewa" unakosea kidogo, wateja wa mjini ndo wanasema, na wao ndo tuliowauliza kwa wingi. Tungetuma fomu kwa wingi Mwenge ingeonekana tatizo dogo.

Ila kwa wa mjini ni kubwa kweli, tusijifariji. Wengi mapumziko yao ni saa saba mpaka saa nane, chakula kikifika saa nane na robo mtu karudi mezani anakula kwa kujificha bosi asimuone. Mmoja kasema "chakula kitamu ila saa tisa hiyo sio lanchi tena, nabeba napeleka nyumbani". 22 kati ya 59 wametaja Ijumaa, siku ya pilau ambayo oda ni nyingi na hapohapo watu wanataka kula wakitoka msikitini. Saba wametaja mvua na Jangwani wenyewe, wanaelewa maji yakijaa hakuna cha kufanya, wanachotaka ni kuambiwa mapema wasikae wanasubiri na njaa. Na 31 ya hawa wanaolalamika ni haohao waliosifia utamu, hawajatuchoka bado.

Hili linalofuata halimo kwenye komenti, nimelitoa kwenye daftari la oda. Karibu kila mteja anayelalamika anamlaumu boda, lakini maboksi ya Posta yanatoka jikoni saa saba kasoro robo, mwisho kabisa, wakati ndo safari ndefu kuliko zote. Ya Mwenge yanatoka saa sita na robo. Vijana mnatukanwa bure. Kabla hujaongeza boda mwingine dada, tubadilishe kwanza foleni ya kutoa tuone wiki mbili.

Nyama ni 26. Kwa namba ni chini ya nusu ya kuchelewa ila mimi ndo inayonitisha zaidi, maana imesambaa kote, Posta ipo, Sinza ipo, Insta ipo. 17 kati yao wameunganisha na bei, kwamba tangu Februari tumetoka 5,000 kwenda 6,000 na vipande vimepungua au vimekuwa mifupa. Waliolalamikia bei peke yake bila kutaja nyama ni 7 tu. Mimi ninavyoisoma, elfu sita mtu anatoa akiona nyama, akikuta mfupa ndo anakumbuka ilikuwa elfu tano. Mama najua utasema vipande ni vilevile, sibishi, ila watu 26 hawajakaa kikao wakubaliane kusema uongo.

Vyombo 18. Mchuzi unamwagika, ule mfuko wa karatasi unalowa unachanika mtu akiwa kwenye lifti, na kachumbari ikiwekwa juu ya wali wa moto inafika imeiva. Hili ni la kurekebisha tu, kachumbari ipate kikopo chake.

Mafuta mengi wamesema 10, na 11 wanataka dona, mchicha, vitu vya watu wa sukari na presha. Wanaweza kuwa kundi moja hili, umri wanaonekana wakubwa kidogo. Ukiacha hao wanaowalaumu kwa kuchelewa, boda wametajwa 13, tisa ni sifa, wanne wanasema chakula kinaachwa kwa mlinzi bila kupigiwa simu.

Sasa kuna mawili madogo kwa namba lakini msiyaruke. Malipo, watu 8: wakilipa kwenye lipa namba linatokea jina la mtu wasiyemjua, sio jina letu, wanaogopa ni tapeli. Watatu wamesema waliacha kuagiza hapohapo. Wanane ndo walioandika, walioacha kimya hatuwezi kuwahesabu.

Na tumbo, wawili. Wawili tu kati ya 142, ungeweza kusema bahati mbaya, ila wote wametaja samaki na wote ni Jumanne ileile umeme ulipokatika asubuhi. Sijaliweka na malalamiko mengine, dada nakupigia simu kesho asubuhi tuliongee, na hao wawili nashauri uwapigie mwenyewe, wasipigiwe na mimi.

Zilizobaki ni za mmojammoja, anayetaka juisi ya ukwaju isiwe na sukari, anayetaka tufungue Jumapili, na mmoja anaomba namba ya kijana wa boda mrefu, hiyo sikuijumlisha popote.

Faili lote nimeliweka kwenye grupu, kila komenti nimeiwekea rangi ya kundi lake. Kuna kama kumi na tano hivi nilisita niziweke wapi, hizo ni za njano, anayeona nimekosea abadilishe tu ila aniambie nirekebishe hesabu.